Arbuni Iliyoingia kwa Mtu Mwingine

Mazungumzo ya leo ni ya pesa inayotumwa ndani ya soko la sarafu za mtandaoni, ikaenda kwa nambari ya mtu asiyehusika. Nataka tulitazame jambo hili taratibu, kwa sababu anayepatwa nalo huambiwa na huduma kwa wateja neno moja tu, "hatuwezi", na ndani ya neno hilo mna mambo mawili yasiyofanana.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Nahodha wa kisiwa cha Funzi anapeleka wageni kwenye mikoko na mlango wa Mto Ramisi kuangalia ndege na mamba. Siku ya safari hapangi mgeni wala nahodha, hupangwa na maji. Yakipwa sana njia za ndani hukauka na fungu la mchanga hutokeza, kwa hiyo tarehe ikishakubaliwa haisogezwi hivi hivi. Nahodha anataka arbuni anunue mafuta na azuie boti isikodishwe na mwingine. Mgeni yuko kwao Ulaya, anamwuliza kwenye WhatsApp: una akaunti ya sarafu za mtandaoni nikutumie USDT? Wanakubaliana USDT 150. Kwa dola moja kuwa kama shilingi 129, hiyo ni shilingi elfu kumi na tisa na ushei.

Mgeni ana njia mbili za kutuma. Ya kwanza ni kuitoa sarafu nje ya soko, ipite kwenye blokcheni mpaka kwenye anwani ya nahodha, na hapo kuna ada. Ya pili ni kuihamisha ndani kwa ndani, kutoka akaunti yake hadi akaunti ya nahodha katika soko hilo hilo. Binance wana njia hiyo, Bybit wanayo, OKX wanayo. Unaandika UID ya mwenzako, ile nambari ya mtumiaji yenye tarakimu nane, tisa au zaidi, unaandika kiasi, unathibitisha. Ada hakuna, na pesa hufika papo hapo. Ndiyo sababu watu wanaipenda.

Sasa tuone kinachotokea pale mgeni anapobonyeza. Hakuna sarafu inayosafiri. Sarafu zote za wateja zimekaa kwenye pochi za soko lenyewe, na soko lina daftari lake linaloonyesha nani anadai ngapi. Ni kama daftari la mwenye duka: anafuta mia na hamsini kwenye ukurasa wako, anaziandika kwenye ukurasa wa jirani, na droo ya pesa haikufunguliwa. Muamala wa namna hii hauandikwi kwenye blokcheni. Hauna ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Una nambari ya ndani tu, inayosomeka na soko lenyewe, na kwenye historia ya akaunti utaona maneno kama `Internal Transfer` au `Off-chain Transfer`. Basi ukimsikia mtu anakuambia mpe pesa akutafutie muamala huo "kwenye blokcheni", jua anatafuta kitu ambacho hakipo huko.

Jambo la pili la kulielewa ni hii nambari ya UID. Anwani ya Bitcoin imejengwa ikiwa na mlinzi ndani yake: herufi za mwisho zimekokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Ukikosea herufi moja hesabu inakataa, na programu inakuambia anwani si sahihi. Nafasi ya kosa la bahati mbaya kupita hapo ni kama moja katika bilioni nne. UID ni nambari ya mteja tu. Ukikosea tarakimu moja, swali la programu ni moja: je, kuna mteja mwenye nambari hii? Kama hayupo, utakataliwa, na hiyo ni bahati yako. Kwenye soko lenye wateja mamilioni, mara nyingi atakuwapo.

Kinga iliyobaki ni jina. Kabla ya kuthibitisha, skrini huonyesha jina la utani la mpokeaji, au jina lililofichwa nusu kwa nyota. Shida ni kwamba wateja wengi hawakuwahi kuandika jina la utani, wameacha lile walilopewa na programu, linaloanza na `User-` kisha herufi zisizo na maana. Mgeni wetu anaona `User-` na vitu vingine, hajui nahodha anaitwaje humo, anabonyeza.

Na pesa haikufika. Kwa nini? Watu hudhani kosa daima ni kidole kilichoteleza. Mara nyingi nambari imenakiliwa sawasawa kabisa, tarakimu kwa tarakimu, ila ni nambari ya soko jingine. Nahodha ana akaunti mbili, moja aliyofungua zamani na nyingine aliyofunguliwa na rafiki yake. Akafungua programu ya pili, akanakili UID, akaituma WhatsApp bila kutaja ni ya soko gani. Mgeni akaiandika kwenye soko la kwanza. Kule nambari hiyo ipo, lakini ni ya mtu mwingine kabisa, labda yuko Vietnam, labda yuko Nakuru. Kuna mtego wa namna hiyo hiyo hata ndani ya soko moja: Binance wana UID na wana `Pay ID`, na ni nambari mbili tofauti za mtu mmoja. Ukiandika moja kwenye nafasi ya nyingine, huenda ikampata mtu asiyekujua.

Basi nahodha anaanza kulalamika kwa huduma kwa wateja: nimetumiwa USDT 150, sizioni. Hapo hatapata kitu, na si kwa ukatili. Kwenye daftari la soko, nahodha hana muamala wowote. Aliyetoa amri ni mgeni, na akaunti iliyopungua ni ya mgeni. Huduma kwa wateja itazungumza na mwenye akaunti iliyotuma tu. Saa nyingi hupotea hapa, mpokeaji akisukumana na watu wasioweza kumwambia lolote huku mtumaji ametulia akiamini ameshalipa.

Kwa hiyo ni mgeni anayepaswa kufungua programu yake na kutazama hali ya muamala. Akiona bado unashughulikiwa, au umeshikwa kwa ukaguzi wa usalama, aombe usimamishwe saa ile ile, maana hapo daftari halijaandikwa. Kama alituma kwa barua pepe au nambari ya simu ambayo haijafunguliwa akaunti, mara nyingi pesa humsubiri mwenyewe ajisajili, na asipojisajili kwa muda uliowekwa hurudi kwa mtumaji. Lakini akiona `Completed`, na mpokeaji ni akaunti iliyo hai, muamala umekwisha.

Tangu hapo huduma kwa wateja ina mambo machache inayoweza kufanya, na ni vizuri kuyajua ili uombe kilicho ndani ya uwezo wake. Inaweza kuhakikisha kuwa pesa iliingia kwenye akaunti ya UID fulani, saa fulani. Inaweza kumwandikia mwenye akaunti ile, kumweleza kuwa mtumaji anadai amekosea, na kumwuliza kama yuko tayari kurudisha. Akikubali, zinarudi. Akikataa au akinyamaza, ombi linafungwa. Jina lake kamili, simu yake na anakoishi hawatakupa, hata ukilia. Hayo ni maelezo ya mteja wao kama wewe ulivyo mteja wao, na kesho huenda ukawa wewe unayetafutwa.

Nirudi kwenye lile neno "hatuwezi". Kwa mitambo, wanaweza. Daftari ni lao, mistari miwili tu ingegeuzwa na pesa ingerudi. Sarafu ikishatoka sokoni kupitia blokcheni kwenda kwenye anwani ngeni, hapo kweli hawana mkono wa kuifikia. Hamisho la ndani si hivyo. Hapa wanachosema ni kwamba hawatakubali kumkata mteja mmoja kwa neno la mteja mwingine. Na ukilitafakari, mimi naona wana haki, hata kama linauma.

Mtazame kijana wa Ukunda anayeuza pikipiki. Mnunuzi anamtumia USDT 600 ndani ya soko, kijana anaziona, anakabidhi ufunguo na kadi. Jioni mnunuzi anaandikia huduma kwa wateja: nilikosea UID, nirudishieni. Kwenye daftari muamala wake unafanana kabisa na wa mgeni wetu: amri sahihi, nenosiri sahihi, msimbo wa kuthibitisha sahihi. Anayeketi kwenye dawati hana macho ya kuiona pikipiki. Kama angerudisha kwa neno la mtumaji, kijana angebaki bila pikipiki na bila pesa, na hakuna mfanyabiashara angekubali malipo hayo tena. Mlango ambao ungemwokoa mgeni wa Funzi ndio ungemwibia kijana wa Ukunda.

Mtu ataniuliza: mbona M-Pesa wanarudisha? Sisi tumezoea. Ukikosea nambari unaupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na Safaricom wanashughulikia. Ni kweli, lakini tazama wanachofanya. Kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, inaweza kushikwa wakati mpokeaji anaulizwa. Akiwa ameshaitoa kwa wakala au ameinunulia unga, kazi inarudi kuwa ya kufuatana na mtu. Na M-Pesa wana vitu viwili ambavyo mgeni wetu hakuwa navyo: kabla hujamaliza kutuma, Hakikisha inakuonyesha jina la mpokeaji lililosajiliwa kwa kitambulisho, na nyote wawili mko chini ya serikali moja na mahakama zile zile.

Hilo linatuleta kwenye sheria. Tuseme mpokeaji ameandikiwa, amesoma, na amekaa kimya na pesa ya watu. Akiwa Kenya, hana pa kujificha vizuri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 35, inamgusa mtu anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mwenye kupoteza anaandikisha ripoti polisi, anapata nambari ya OB, na wachunguzi ndio wanaoweza kuliandikia soko. Masoko makubwa yana mlango maalumu wa maombi ya vyombo vya sheria, na mlango huo haufunguliwi kwa mteja wa kawaida. Kwa ombi rasmi soko linaweza kutoa jina, na kwa amri ya mahakama linaweza kuishika akaunti. Jina likishajulikana, kiasi kidogo kama hiki kinaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Tangu Oktoba 2025 tuna pia Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, inayotaka masoko haya yapate leseni na kuyaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Manufaa yake kwa kesi kama hii ni kuwa na mahali pa kupeleka lalamiko soko linapokataa hata kujibu. Mpokeaji akiwa nchi nyingine ni habari tofauti. Ombi la polisi wa Msambweni kwa mtu aliye Asia, kwa USDT 150, sitawadanganya: uwezekano ni mdogo, na nauli peke yake itaimaliza arbuni.

Na msidhani wenye masoko wenyewe wana fimbo ya ajabu wanapokosea wao. Mei 2021 kampuni ya Crypto.com ilitaka kumrudishia mteja wa Melbourne, Australia, dola 100 za nchi hiyo. Mfanyakazi akaandika nambari ya akaunti kwenye nafasi ya kiasi, na dola milioni 10 na laki nne na ushei zikaenda benki. Waligundua Desemba mwaka ule, walipokagua hesabu, miezi saba baadaye, na sehemu ya pesa ilikuja kununua nyumba. Kampuni haikubonyeza kitufe. Ilikwenda Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria, na 2022 mahakama ikaagiza nyumba iuzwe. Pesa ilikuwa imetoka kwenye daftari lao ikaingia kwenye daftari la benki, na nje ya daftari lao hata wao walikuwa wadai tu.

Kuna hatari nyingine inayokuja baada ya kosa, na hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inampiga aliyekwisha kuanguka. Mgeni au nahodha akieleza shida yake kwenye kundi la Telegram au la WhatsApp, haipiti saa kabla hajaandikiwa na mtu mwenye nembo ya soko kwenye picha yake, anajiita ofisa wa huduma kwa wateja. Atataka msimbo uliokuja kwenye simu, au atataka USDT 30 za "kufungua muamala". Huduma ya kweli iko ndani ya programu yenyewe. Haiombi nenosiri, haiombi msimbo, na haina ada ya kurudisha. Aliyepoteza 150 kwa kukosea nambari anaweza kupoteza akaunti nzima kwa kutafuta hizo 150.

Sasa geuza upande. Umekaa Funzi, simu inalia, USDT 150 zimeingia kwako na humjui mtumaji. Usizitumie. Ngoja ujumbe utakaokuja ndani ya programu, na ukirudisha, zirudishe kwenye akaunti ile ile zilikotoka, basi. Mtu akikuandikia WhatsApp akakuambia zipeleke kwenye anwani nyingine kwa sababu akaunti yake ina shida, kataa, na umtaje kwa huduma kwa wateja. Huenda pesa ni ya wizi na wewe unafanywa daraja, halafu mwenye mali akidai, jina litakaloonekana ni lako.

Limebaki swali ambalo huduma kwa wateja hailigusi kabisa: kati ya mgeni na nahodha, nani amepoteza? Boti ina tarehe, mafuta hayajanunuliwa, na kila mmoja anaona amefanya lake. Mimi ningefungua WhatsApp nisome ujumbe wenyewe. Kama nahodha aliandika jina la soko na nambari yake sawasawa, mgeni akakosea kuandika, basi arbuni haijalipwa na mgeni alipe tena. Kama nahodha alitaja soko la kwanza akatoa nambari ya soko la pili, mgeni amefuata maelekezo aliyopewa, na si haki kumtoza mara mbili. Kwenye mfano wetu hakuna aliyetaja soko. Nahodha alituma nambari tupu, na mgeni aliona jina lisilojulikana akabonyeza bila kuuliza. Ningewashauri wagawane hasara nusu kwa nusu, safari iendelee, na mgeni aendelee kufuatilia lalamiko lake kwa kuwa ni yeye tu anayesikilizwa. Zikirudi, wagawane vile vile.

Na ujumbe wa nahodha kwa mgeni atakayefuata uwe na maneno zaidi ya nambari. Aandike hivi: "Soko ni hili, UID yangu ni hii, kwenye skrini utaona jina hili. Tuma kwanza USDT 5, kisha ningoje." Jina la utani alibadilishe mapema kwenye programu, aweke la boti yake, ili mgeni asikutane na `User-` na herufi zisizo na maana. Hizo tano zikiingia, nahodha apige picha ya skrini yake mwenyewe na kuituma, ndipo mgeni atume 145 zilizobaki kwa kuchagua jina lile lile kwenye historia, bila kuandika tarakimu upya. Kwa kuwa hamisho la ndani halina ada, kutuma mara mbili hakumgharimu mgeni chochote ila dakika chache za kungoja mtandao wa kisiwani.